Mkanda wa Jabari: Kuijua Kaskazini Mahali Isipoonekana Nyota ya Kaskazini

Vitabu vingi vya skauti na vya wapanda milima vinatoa ushauri mmoja kwa aliyepotea usiku: tafuta Nyota ya Kaskazini, ielekee, umeshapata kaskazini. Ushauri huo ni sahihi kabisa kwa mtu aliyesimama Uingereza. Kwa aliyesimama Dodoma haumsaidii chochote, kwa sababu nyota hiyo haichomozi Dodoma hata usiku mmoja wa mwaka.

Sababu yake ni nyepesi. Nyota ya Kaskazini iko karibu sana na ncha ya anga, ile sehemu ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Kwa hiyo kimo chake juu ya upeo wa macho kinalingana na umbali wako kutoka ikweta. London iko nyuzi 51 kaskazini, na huko nyota hiyo husimama nyuzi 51 juu ya upeo. Lodwar, kaskazini mwa Kenya, iko nyuzi 3 tu, kwa hiyo nyota iko chini mno na vumbi la jangwani huimeza kwa urahisi. Nairobi imekwisha kuzama kwa zaidi ya uzi mmoja. Dodoma imezama nyuzi 6.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi walilijua jambo hili karne nyingi zilizopita. Nyota hiyo waliiita Jaa, na neno hilo likaingia katika Kiswahili cha zamani cha baharini likiwa na maana ya kaskazini. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15 kutoka Julfar, aliandika maelekezo ya njia ya kwenda Sofala. Wenzake walipima kimo cha Jaa kwa kibao chenye uzi, wakijua kwamba kadiri chombo kinavyoshuka kusini ndivyo Jaa inavyoshuka nayo, mpaka wanalazimika kuiacha na kutazama nyota nyingine zilizo juu yake. Mtembea kwa miguu wa nyanda zetu naye inambidi aiache, ila si lazima atafute mbadala wake upande huohuo wa kaskazini. Kwetu ni rahisi zaidi kuipata mashariki kwanza.

Nyota za kazi hiyo karibu kila mtu ameziona: tatu zenye mng'ao unaokaribiana, zimepangana mstari mmoja mfupi, kama shanga tatu katika uzi. Ni mkanda wa Jabari, yule mtu mkubwa wa angani. Upande mmoja wa mkanda kuna nyota kubwa yenye wekundu, ambayo ni bega lake. Upande wa pili kuna nyota nyeupe yenye ubuluu kidogo, ambayo ni mguu. Karibu na mkanda, kwa upande wa mguu, zinaning'inia nyota chache hafifu zenye ukungu katikati: huo ni upanga wake. Kichwa ni kikundi kidogo cha nyota hafifu upande wa bega.

Nyota ya mkanda inayotangulia kuchomoza huitwa Mintaka, kutokana na neno la Kiarabu la mkanda. Mintaka imekaa karibu juu kabisa ya ikweta ya anga. Haikuikosa hata kwa nusu ya uzi mmoja. Nyota iliyo juu ya ikweta ya anga huchomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili, uwe Mbeya, Muscat au Toronto. Lakini sisi tuna nyongeza ambayo watu wa kaskazini hawana. Karibu na ikweta, nyota hupanda juu wima, kama mkwezi anayepanda mnazi. London, Mintaka ikifika nyuzi 30 juu ya upeo tayari imekwisha kuhamia upande karibu nyuzi 45, na aliyedhani bado inaonyesha mashariki amepotea. Dodoma, katika kimo hichohicho, imehama nyuzi tatu na nusu tu. Hata ikifika nusu ya njia kati ya upeo na utosi, saa tatu baada ya kuchomoza, kosa ni nyuzi 6. Kwa mtu asiye na dira, hiyo ni mashariki ya kutosha.

Tuchukue usiku mmoja. Ni katikati ya Novemba, mvua hazijaanza, na msafiri ameharibikiwa na pikipiki katika mbuga za Bahi, magharibi mwa mji wa Dodoma. Simu haina mtandao. Anajua kwamba reli ya kati inapita kaskazini mwake, tuseme kilomita 8. Hapo amebahatika, kwa kuwa reli ni mstari mrefu. Akipinda nyuzi 10 katika kilomita 8 atakuwa kando kwa karibu kilomita moja na nusu. Kama angetafuta nyumba moja angeikosa gizani, lakini reli ataikuta tu, mbele au nyuma kidogo ya pale alipokusudia. Anayetembea kwa nyota afadhali alenge kitu kirefu: reli, barabara, mto, ukingo wa ziwa.

Mintaka huchomoza hapo saa mbili na nusu usiku hivi. Saa nne mkanda umepanda nyuzi 20, sawa na ngumi mbili zilizobebana mkono ukiwa umenyooshwa mbele. Jabari amelala ubavu: bega jekundu liko kushoto, mguu mweupe uko kulia, mkanda uko katikati. Msafiri anaunyooshea mkanda mkono wake wa kulia, anaunyoosha wa kushoto upande wa pili, kisha anatazama mbele. Mbele yake ni kaskazini. Kama anataka uhakika zaidi, anachomeka kijiti ardhini, anarudi hatua mbili, na kuchomeka cha pili ili ncha za vijiti na Mintaka vipangane. Mstari wa vijiti hivyo utabaki pale hata wingu likipita.

Sasa asifanye kosa la kuchagua nyota yoyote iliyo kaskazini na kuifuata saa nzima. Nyota ya upande huo huteleza kuelekea kushoto, naye atateleza pamoja nayo bila kuhisi. Achague kitu cha ardhini: mbuyu unaoonekana mweusi mbele ya anga, au pengo kati ya miti. Atembee hadi hapo, ageuke tena kuutazama mkanda, achague mbuyu mwingine. Kila dakika 15 au 20 zinatosha.

Kadiri usiku unavyokwenda, mkanda unapanda na kosa linakua. Saa sita usiku limefika karibu nyuzi 7, na baada ya hapo mkono wa kulia hauna cha kuonyesha, maana Jabari anakaribia utosini. Hapo mbinu inabadilika. Upanga na kichwa chake viko karibu kabisa juu ya mstari mmoja wa kusini kwenda kaskazini. Saa nane na nusu usiku, katika mbuga za Bahi, upanga huo hupita juu ya utosi wenyewe. Msafiri alale chali, atafute upanga, apande na macho kupitia nyota ya katikati ya mkanda hadi kichwani. Huko kinakoelekea kichwa ndiko kaskazini. Na kama mawingu yameficha sehemu ya umbo lote hilo, bado kuna la kushika: bega jekundu daima liko upande wa kaskazini wa mkanda, mguu mweupe upande wa kusini, saa yoyote ya usiku.

Kabla ya hapo, mnamo saa saba, usiku huo unamwekea msafiri mtego. Upande wa kusini-mashariki, chini, ataona nyota nne zenye umbo la msalaba. Kama amewahi kusikia kwamba Msalaba wa Kusini huonyesha kusini, atafurahi na kugeuza njia. Huo si wenyewe. Ni msalaba wa uongo: mkubwa zaidi na hafifu zaidi, na mstari wake hauelekei kwenye ncha ya kusini. Msalaba wa kweli usiku huo hauchomozi mpaka karibu saa tisa. Wa kweli ni mdogo, umebana, una nyota ya tano ndogo pembeni, na nyuma yake hufuatwa na nyota mbili kali sana zilizokaribiana. Usipoziona hizo mbili, usiuamini msalaba wowote.

Msalaba wa Kusini una majira yake mazuri, nayo ni Mei. Kuanzia mwisho wa Mei hadi mwanzoni mwa Julai Jabari hupotea katika mwanga wa jua, lakini katikati ya Mei, saa tatu na nusu usiku, Msalaba husimama wima. Urefu wake ukiuongeza mara nne na nusu kutoka nyota ya chini, unafika kwenye ncha ya kusini ya anga, ambayo Dodoma iko nyuzi 6 tu juu ya upeo. Ukiwa umesimama wima hivyo, huhitaji hata kupima: teremsha macho moja kwa moja hadi ardhini, ndiko kusini. Geuka nyuma, na upande wa kaskazini utazikuta nyota saba za Dubu Mkubwa, zenye umbo la kata ya kuchotea maji, zimefudikizwa. Nyota mbili za ukingo wa mbele wa kata hiyo huelekeza chini, kwenye Nyota ya Kaskazini iliyozama. Huioni, lakini unajua imezama wapi.

Zinabaki jioni za Septemba na Oktoba, ambapo Msalaba umekwisha zama au uko chini sana na Jabari anachomoza karibu usiku wa manane. Hapo, na pia mawingu yanapobakiza dirisha dogo tu la anga, tumia nyota yoyote. Panga ncha za vijiti viwili na nyota iliyo chini kidogo, kaa kimya dakika 20. Itakuwa imesogea nyuzi 5, na jicho litaona. Ikipanda, unatazama upande wa mashariki. Ikishuka, magharibi. Ikienda kushoto, kaskazini. Ikienda kulia, kusini. Ni kipimo cha jumla tu, kwani nyota iliyo kati ya pande mbili hupanda na kuteleza kwa pamoja, lakini kinatosha kumzuia mtu asitembee usiku kucha kuelekea asikotaka.

Turudi kwa msafiri wa Bahi, kama amepumzika na reli bado hajaifikia. Saa kumi na mbili na robo jua linachomoza, naye anashusha pumzi: mashariki imejionyesha yenyewe. Lakini katikati ya Novemba jua huchomoza zaidi ya nyuzi 18 kusini mwa mashariki. Desemba hufika 23, na Juni huhamia nyuzi 23 upande wa pili. Mkanda ulikuwa umemwonyesha mashariki yenyewe. Akiuacha mstari wa vijiti vyake na kulinyooshea jua mkono wa kulia, atapinda kuelekea mashariki, na kwa kila kilomita tatu za kaskazini atakuwa amekwenda kando kilomita moja.