Kugawanya kwa Sehemu: Maelezo ya Dakika Moja

Mwanafunzi aliyezoea kwamba kugawanya hupunguza hushtuka anapoambiwa kuwa 3 ÷ 1/4 ni 12. Kwa kawaida hufundishwa kanuni: geuza sehemu ya pili juu chini, kisha zidisha. Huishika, hupata vema kwenye mtihani, na baada ya likizo hakumbuki tena ni sehemu ipi inayogeuzwa. Maelezo mafupi ya mdomo, yasiyofika dakika moja, yanaweza kumwonyesha kanuni hiyo inatoka wapi, ilimradi mfano uwe mmoja na usibadilishwe katikati.

Mfano unaofaa ni sukari ya dukani. Hesabu za mwanzo za kugawanya huwa za kugawana: machungwa 12 kwa watoto 3. Kwa sehemu, picha hiyo hukwama, kwani hakuna robo ya mtoto wa kupewa chungwa. Dukani kugawanya kuna sura nyingine: kiasi kinajulikana, ukubwa wa kila pakiti unajulikana, kinachotafutwa ni idadi ya pakiti. Maneno ya mwalimu yanaweza kuwa haya:

«Mwenye duka ana kilo tatu za sukari. Anaifunga kwenye pakiti za robo kilo. Kilo ya kwanza inatoa pakiti ngapi?» Hapo anyamaze kidogo, darasa lijibu. «Nne. Ya pili? Nne nyingine. Ya tatu? Nne. Zote pamoja, kumi na mbili. Tumeuliza nini? Ndani ya tatu, robo zimo ngapi? Huko ndiko kugawanya tatu kwa robo. Sukari haikuongezeka, ni kilo zilezile tatu. Pakiti ndizo nyingi, kwa sababu kila moja ni ndogo. Na kumi na mbili tumeipataje? Kilo tatu, kila kilo pakiti nne: tatu mara nne. Kwa hiyo kugawanya kwa robo ni sawa na kuzidisha kwa nne.»

Ubaoni huandikwa mstari mmoja tu, tena baada ya maneno kwisha:

3 ÷ 1/4 = 3 × 4 = 12

Ukiandikwa mapema, macho yote huenda kwenye alama na sukari husahaulika. Kunyamaza baada ya swali la kwanza nako si mapambo, maana ile nne inapaswa kutoka kwa wanafunzi wenyewe. Sentensi ya kwamba sukari haikuongezeka ndiyo inayoondoa ule mshtuko wa mwanzo, na ikikosa muda, afadhali kuacha nyingine.

Kama somo limeingia hujulikana kwa swali dogo: 2 ÷ 1/2. Anayejibu 1 amegawa mbili mara mbili, yaani bado anafikiria kugawana. Huyo hahitaji kanuni, arudishwe dukani: kilo mbili, pakiti za nusu, pakiti ngapi? Akisema nne, ameona tofauti.

Robo ni rahisi kwa sababu juu yake kuna 1. Kwa 3/4 inabidi kwenda hatua moja zaidi, nje ya ile dakika. Kilo tatu zina robo 12, na kila pakiti ya robo tatu inakula robo 3, hivyo zinatoka pakiti 4. Tumezidisha kwa 4 ili kupata robo, kisha tumegawanya kwa 3 ili kuzifunga pamoja. Kuzidisha kwa 4/3 ni hatua hizo mbili zikiandikwa kwa mkupuo, na ndiyo maana sehemu inayogeuzwa ni ya pili: yenyewe ndiyo ukubwa wa pakiti.

Tatizo la kweli huja sukari inapobaki. Kilo 2 katika pakiti za robo tatu zina robo 8. Pakiti mbili zinamaliza robo 6, na robo 2 zinabaki. Wengi huandika 2 1/2, kwa kuwa kilichobaki mezani ni nusu kilo, na mzani ungewaunga mkono. Lakini swali liliulizwa kwa pakiti. Pakiti inataka robo 3, zimepatikana 2, basi kilichobaki ni theluthi mbili za pakiti, na jibu ni 2 2/3. Mwalimu akizoea kuuliza «theluthi mbili za nini?» kosa hilo hujitokeza mapema.

Mfano huu huanza kuyumba pale sukari inapokuwa kidogo kuliko pakiti, kama 1/4 ÷ 1/2. Kuuliza «zimo ngapi» hapo kunasikika kama mzaha, kwani hata moja haimo. Swali hubadilishwa kidogo: robo kilo inajaza kiasi gani cha pakiti ya nusu kilo? Inaijaza nusu, na 1/4 × 2 inatoa 1/2 ileile.