Piga Hesabu Kabla ya Kupandisha Video Ndefu

Harusi ya saa mbili iliyorekodiwa kwa 4K, kamera ikiandika megabiti 100 kila sekunde, huacha mafaili ya gigabaiti 90. Ukiyapandisha YouTube kwa intaneti inayotuma megabiti 5 kwa sekunde, utasubiri saa 40. Harusi hiyohiyo ikishushwa kwanza hadi 1080p na megabiti 8 kwa sekunde, inabaki gigabaiti 7.2, na inapanda kwa muda wa saa tatu na dakika 12.

Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha megabiti za kila sekunde kwa idadi ya sekunde, kisha gawanya kwa 8 upate megabaiti. Saa mbili ni sekunde 7,200. Mara 8, gawanya kwa 8, ni megabaiti 7,200. Bando lako lipime kwa hesabu hiyo.

Wengi huangalia herufi za mwisho za jina la faili, wakidhani MOV ni nzito na MP4 ni nyepesi. Hizo ni mikoba tu. Uzito unatokana na biti zilizomo ndani, na kodeki ndiyo inayoamua biti hizo zitatoa picha nzuri kiasi gani. H.264 hufunguka karibu kwenye kila kifaa. H.265, inayotumika iPhone ikiwekwa kwenye High Efficiency, hutoa ubora unaokaribiana kwa takriban nusu ya biti, ila kompyuta za zamani huhangaika nayo.

YouTube hupendekeza MP4 yenye H.264 na sauti ya AAC. Kwa 1080p ya fremu 24 hadi 30, kiwango chake ni megabiti 8. Kwa fremu 48 hadi 60, ni 12. Usishuke sana chini ya hapo, kwa sababu YouTube huibana upya kila video inayoipokea, na kilichopotea kwako hakirudi. Hasara huonekana kwanza penye mwendo na mapambo madogomadogo: watu wakicheza au maua ya karatasi yakirushwa, picha hukatika vigaevigae.

Programu ya bure ya HandBrake inatosha kwa kazi hii. Chagua MP4, H.264, ukubwa wa 1080p, na kwenye Avg Bitrate andika 8000. Acha idadi ya fremu kama ilivyorekodiwa. Kabla ya kubana saa zote mbili, jaribu sekunde 30 za pale watu wanapocheza. Faili ambalo tayari lina megabiti 8 au pungufu, lipandishe lilivyo. Kulibana tena ni kulichakaza.

Akaunti isiyothibitishwa kwa namba ya simu haipokei video inayozidi dakika 15, basi thibitisha mapema. Video ikishapanda, huonekana hafifu mwanzoni kwa kuwa ubora wa juu husindikwa baadaye, usiifute. Nayo mafaili ya kamera yatunze mpaka uitazame video yote mtandaoni.