Dhamana ya Chebyshev

Kiwanda kinafunga sukari kwa wastani wa gramu 1,000, na mkengeuko sanifu wa gramu 10. Katika pakiti 900, ngapi zitakosea kwa gramu 30 au zaidi?

Kanuni aliyoichapisha Mrusi Chebyshev mwaka 1867 husema: kwa umbali wa mikengeuko k, hazizidi 1/k² ya zote. Hapa k ni 3, basi hazizidi 100. Uzito ukifuata mgawanyo wa kawaida, hutarajiwa mbili au tatu tu.

Mbona pengo kubwa hivyo? Kanuni haijui umbo la mgawanyo. Pakiti 800 zikiwa na gramu 1,000 kamili, 50 zikiwa na 970 na 50 zikiwa na 1,030, wastani na mkengeuko ni vilevile, na zilizokosea hutimia 100.