Kwa Nini Tona ya Mwarobaini Huharibika Mapema

Tona ya mwarobaini iliyochemshwa, ikachujwa na kutiwa chupani huweza kuanza kuharibika ndani ya siku chache tu katika joto la Dar es Salaam au Mombasa. Mafuta ya nazi yaliyolowekwa majani hayohayo, yakiwa yamekaushwa vizuri, hukaa miezi. Kinachozitofautisha ni maji. Bakteria, hamira na ukungu haviwezi kuzaana pasipo maji. Ndiyo maana mafuta matupu huishia kunuka ukale kwa sababu ya hewa, lakini hayaoti ukungu. Losheni nayo, ingawa ina mafuta, kwa kawaida sehemu yake kubwa ni maji, hivyo iko hatarini kama tona.

Majani yanapochemshwa huacha sukari, protini na madini kwenye maji, na hicho ni chakula tosha cha vijidudu. Wengi huamini kwamba mwarobaini, kwa uchungu wake, utajilinda wenyewe. Hautoshi. Kiasi cha dawa kinachoingia kwenye maji ni kidogo na hubadilika kila mchemsho. Vitamini E pia si kinga: huchelewesha mafuta kuchakaa, lakini haiui bakteria. Kuchemsha huua vijidudu vingi, ila mbegu sugu za baadhi ya bakteria hubaki hai. Zaidi ya hayo, tona ikishapoa haina tena cha kuilinda dhidi ya kinachoingia kupitia kichujio, kijiko, kifuniko au kidole.

Kazi ya kihifadhi ni kuzuia hivyo vinavyoingia baadaye. Kwa kilo moja ya tona, mchanganyiko unaofaa ni gramu 4 za sodiamu benzoeti na gramu 8 za fenoksiethanoli. Benzoeti ina nguvu zaidi dhidi ya hamira na ukungu, na fenoksiethanoli dhidi ya bakteria, wakiwemo wale wa jamii ya Pseudomonas wanaopenda maji. Ukomo wa fenoksiethanoli katika sheria za Umoja wa Ulaya ni asilimia 1, kwa hiyo kuzidisha kwa kukisia hakufai. Vipimo hivi vinahitaji mizani ya kidijitali inayosoma sehemu za gramu. Kijiko cha chai hakiaminiki.

Sodiamu benzoeti ina sharti moja ambalo watengenezaji wengi hulipuuza: hufanya kazi kwenye uchachu tu. Inayoua vijidudu ni asidi ya benzoiki inayojitokeza pale kimiminika kinapokuwa chachu kiasi. Kwenye pH 4.5, takriban theluthi moja ya benzoeti iko katika hali hiyo. Kwenye pH 6.5 hubaki takriban sehemu moja kati ya mia mbili, na mtu aliyepima gramu zake kwa uangalifu huwa kama hakutia kitu. Kwa hiyo benzoeti huyeyushwa kwanza kwenye tona iliyopoa, kisha fenoksiethanoli hukorogwa humo mpaka isionekane ikielea wala kutuama. Asidi ya sitriki, ikiwa imeyeyushwa kwenye maji kidogo, huongezwa tone kwa tone huku karatasi za pH zikitumika, mpaka ifike karibu na 4.5. Asidi ikimiminwa yote kwa pamoja, chembe nyeupe za asidi ya benzoiki huweza kuganda na kutuama chini ya chupa.

Kihifadhi hakisafishi uchafu. Kikikuta vijidudu vimeshajaa, hushindwa. Chupa na vyombo huoshwa kwa sabuni, husuuzwa kwa maji yaliyochemshwa, hunyunyiziwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa vikauke vyenyewe. Kuvifuta kwa kitambaa ni kuvichafua upya. Spiriti hii hufanya kazi vizuri kuliko ile kali ya asilimia 95, kwa sababu maji yaliyomo huisaidia kuharibu protini za kijidudu. Chupa ya kupuliza ni salama kuliko kopo la mdomo mpana linalochotwa kwa vidole kila siku.

Tona iliyoharibika huwa na ukungu juu, utelezi, harufu ya uchachu, au gesi inayofoka kifuniko kikifunguliwa; losheni hujitenga maji na mafuta. Lakini macho huchelewa kuona. Kiwango cha kimataifa cha ISO 17516 huruhusu vijidudu 1,000 tu kwa gramu ya kipodozi cha kawaida, na 100 kwa kile cha karibu na macho au cha watoto chini ya miaka mitatu. Bakteria huweza kupita milioni moja kwa gramu na tona ikaonekana safi kabisa. Wenye viwanda kwa hiyo hupeleka sampuli maabara. Anayetengeneza bila kihifadhi kwa matumizi ya nyumbani hutengeneza kidogo, huweka kwenye jokofu, huandika tarehe kwenye chupa, na kumwaga kilichobaki wiki inapoisha.