Swali la Jana, Mwendo wa Leo: Hifadhidata Inapopanga kwa Kigezo cha Mtu Mwingine

Ripoti iliyokuwa ikifunguka kufumba na kufumbua leo inachukua nusu dakika. Hakuna aliyegusa programu, na seva ni ileile. Kitu kimoja tu kilibadilika usiku: hifadhidata ilisasisha takwimu zake. Msimamizi anazisasisha tena, ripoti inarudi kasi, naye anahitimisha kuwa takwimu zilikuwa mbovu. Wiki mbili baadaye tatizo linarudi vilevile. Mara nyingi takwimu hazikuwa na kosa. Kosa liko katika mpango uliotengenezwa mara baada ya takwimu kubadilika, na katika mteja ambaye mpango huo ulipimiwa.

Tuchukue mfano katika SQL Server, hifadhidata ya Microsoft. Kampuni ina jedwali la malipo lenye rekodi 4,000,000 za wateja 8,000. Mmoja wao ni mnunuzi wa jumla mwenye rekodi 1,200,000 peke yake. Waliobaki wana wastani wa rekodi 350 kila mmoja. Programu hutuma swali moja kwa wote, na kinachobadilika ni namba ya mteja tu, yaani kigezo:

```sql
SELECT Hali, COUNT(*), SUM(Kiasi)
FROM dbo.Malipo
WHERE MtejaID = @MtejaID
GROUP BY Hali;
```

Kuna njia mbili za kulijibu. Ya kwanza ni kupitia faharasa ya MtejaID: hifadhidata inapata namba za rekodi zinazohusika, kisha inaifuata kila rekodi mahali ilipo. Ya pili ni kusoma jedwali zima toka mwanzo hadi mwisho. SQL Server husoma data kwa kurasa za kilobaiti 8, na tukadirie kuwa jedwali letu lina kurasa 100,000. Kuifuata rekodi moja kupitia faharasa hugharimu kurasa kama 3. Basi mteja mdogo anahitaji takriban kurasa 1,000, na kumsomea jedwali zima ni kupoteza kazi mara mia. Kwa mnunuzi wa jumla hesabu inageuka. Faharasa itadai kurasa milioni 3.6, ilhali jedwali zima ni 100,000 tu.

Kuchagua njia kunagharimu muda wa prosesa, kwa hiyo hifadhidata haichagui upya kila mara. Swali linapofika mara ya kwanza, mpangaji wa ndani hutazama thamani ya kigezo iliyokuja nalo, hupima kwa takwimu idadi ya rekodi itakazoleta, hutengeneza mpango na kuuweka kwenye kumbukumbu. Wanaofuata hutumia mpango huohuo. Ni kama fundi cherehani anayempima mtu wa kwanza mlangoni, kisha akashona sare za kijiji kizima kwa vipimo hivyo. Tabia hii ya kunusa kigezo husaidia pale wateja wote wanapokaribiana kwa ukubwa. Inaumiza pale mmoja anapowazidi wenzake kupita kiasi.

Takwimu zinaingiaje? Tangu SQL Server 2016, kwa hifadhidata zenye kiwango cha ulinganifu 130 na kuendelea, jedwali kubwa husasishiwa takwimu zake baada ya mabadiliko yanayofikia kipeuo cha pili cha mara 1,000 ya idadi ya rekodi. Kwa rekodi 4,000,000 hiyo ni kama 63,000. Kwa kanuni ya zamani ya asilimia 20 na nyongeza ya 500, ingekuwa 800,500. Sasisho linapofanyika, mipango inayotegemea takwimu hizo hupoteza uhalali, na swali linalofuata hupangwa upya. Ikiwa asubuhi hiyo wa kwanza kuuliza ni mnunuzi wa jumla, mpango wa kusoma jedwali zima ndio utakaobaki, na wateja 7,999 watalipa gharama yake. Ndiyo sababu kusasisha takwimu kwa mkono huonekana kuponya: kunafuta mpango, na kwa bahati anayefuata huwa mteja mdogo.

Utalitambuaje? Fungua Query Store, iliyoanza na toleo la 2016, ulitafute swali lenyewe. Ukikuta lina mipango miwili na mwendo ulibadilika saa ileile mpango ulipobadilika, umekaribia. Kisha soma mpango unaotumika sasa katika kumbukumbu. Ndani ya XML yake kuna `ParameterCompiledValue`, yaani thamani iliyotumika kupanga. Ilinganishe na thamani ya anayelalamika. Ikiwa makadirio ya rekodi ni sahihi kwa thamani ya kupangia lakini yako mbali na hali ya mlalamikaji, tatizo ni kunusa kigezo. Ikiwa makadirio si sahihi hata kwa thamani ile ya kupangia, hapo ndipo pa kushuku takwimu zenyewe.

Kuna mitego miwili katika majaribio. Swali linaweza kuwa zito kwenye programu na jepesi ukilijaribu kwenye Management Studio, kwa sababu zana hiyo huwasha `ARITHABORT` na programu nyingi haziiwashi, na mipangilio tofauti huleta mpango tofauti. Andika `SET ARITHABORT OFF` kabla ya kujaribu. Mtego wa pili ni kubadili kigezo kuwa kigeu cha `DECLARE`. Mpangaji hapo haioni thamani, hivyo hutumia wastani wa rekodi 500 kwa kila mteja, na unakuwa unapima jambo jingine.

Watu wakiwa wanasubiri, ondoa mpango wa swali hilo peke yake. Kama limo ndani ya prosija iliyohifadhiwa, amri hii inatosha:

```sql
EXEC sp_recompile N'dbo.MuhtasariWaMteja';
```

Usifute mipango ya seva nzima, maana kila swali litapangwa upya kwa pamoja. Na hii ni huduma ya kwanza tu; mpango ujao nao utategemea atakayetangulia.

Tiba ya kudumu hutegemea swali linaitwa mara ngapi. Kwa ripoti inayoendeshwa mara chache kwa siku, ongeza `OPTION (RECOMPILE)` mwishoni mwa swali. Kila mteja atapata mpango wake, na gharama ya kupanga haitaonekana. Kwa swali linaloitwa mamia ya mara kwa sekunde, gharama hiyohiyo italemea prosesa. Hapo waweza kutumia `OPTION (OPTIMIZE FOR UNKNOWN)`, inayopanga kwa wastani: walio wengi watapona, mnunuzi wa jumla atachelewa. Kulazimisha mpango mmoja kwa Query Store kuna upungufu uleule.

Kwa mfano wetu, tiba bora ni kuondoa sababu ya njia mbili kushindana. Faharasa ikibeba safu zote ambazo swali linahitaji, hakuna haja ya kuifuata rekodi jedwalini:

```sql
CREATE INDEX IX_Malipo_Mteja
ON dbo.Malipo (MtejaID)
INCLUDE (Hali, Kiasi);
```

Mteja mdogo sasa anasoma kurasa chache tu, na mnunuzi wa jumla anasoma elfu kadhaa badala ya 100,000, wote kwa mpango uleule. Malipo yake ni nafasi zaidi kwenye diski na kazi zaidi kila rekodi inapoingia. Wala haifai kwa swali la `SELECT *` lenye safu arobaini. SQL Server 2022, kwa kiwango cha ulinganifu 160, inaweza kutunza mipango kadhaa kwa swali moja lenye kigezo cha aina hii, lakini si kila swali linakidhi masharti yake.

Basi, swali likilemaa ghafla baada ya takwimu kubadilika, usikimbilie kuzisasisha tena. Hifadhi kwanza mpango ulioko, usome ulipangiwa thamani ya nani, ndipo uchague tiba. Ukiufuta kabla ya kuutazama, umefuta ushahidi.