Ushahidi wa gharama katika kujibu taarifa ya kodi ya ongezeko la mtaji: mfano wa muuzaji wa jengo kutoka Mwamapalala, Simiyu

Makala hii inafafanua jambo moja katika utozaji wa kodi ya ongezeko la mtaji nchini Tanzania: namna ushahidi wa gharama anaouwasilisha muuzaji wa jengo, baada ya kupokea taarifa ya makadirio kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), unavyobadilisha kodi anayodaiwa. Mfano unaotumika ni wa kubuni. Muuzaji ni mkazi wa kata ya Mwamapalala, wilayani Itilima, aliyeuza jengo la fremu tatu za biashara mjini Bariadi mwaka 2024.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, faida ya kuuza mali ya uwekezaji ni tofauti kati ya mapato ya mauzo na gharama ya mali hiyo. Gharama hiyo inajumuisha bei ya ununuzi, matumizi ya kujenga, kuboresha na kukarabati, pamoja na matumizi madogo madogo yaliyoambatana na kununua na kuuza, kama ada ya mthamini na ujira wa dalali. Mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida, na Msajili wa Hati hapaswi kusajili uhamisho wa miliki kabla ya kupata uthibitisho kwamba kodi imelipwa. Nyumba ya kuishi ambayo mwenyewe ameimiliki na kuishi humo kwa miaka mitatu au zaidi haiguswi, ilimradi faida haizidi shilingi 15,000,000. Halikadhalika shamba lenye thamani ya soko iliyo chini ya shilingi 10,000,000, lililotumika kwa kilimo angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuzwa. Fremu za biashara hazina kinga hizo.

Marekebisho yaliyoanza kutumika Julai 2023 yaliongeza njia ya pili. Mkazi anayeuza ardhi au jengo bila kuwa na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya mapato ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, kutegemea ipi ni kubwa. Hesabu rahisi inaonesha kwamba njia mbili hizi zinalingana pale gharama iliyothibitishwa inapofikia asilimia 70 ya bei ya kuuzia. Juu ya kiwango hicho ushahidi unampunguzia muuzaji kodi; chini yake, unamwongezea.

Tuchukue kwamba muuzaji wetu alinunua kiwanja chenye nyumba kuukuu mwaka 2009 kwa shilingi 9,000,000. Kati ya 2014 na 2016 alibomoa na kujenga fremu: vifaa shilingi 18,000,000 na ujira wa mafundi 15,000,000. Mwaka 2019 aliingiza umeme na maji kwa shilingi 4,000,000. Gharama za kuuza zilikuwa 2,000,000. Jumla ni 48,000,000. Jengo liliuzwa kwa 60,000,000, bei ileile iliyomo katika taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa. Kwa hesabu yake faida ni 12,000,000 na kodi ni 1,200,000.

Taarifa ya makadirio ilikubali shilingi 22,000,000 pekee: mkataba wa ununuzi, vifaa vya shilingi 11,000,000 vyenye risiti za kielektroniki, na gharama za kuuza. Faida ikawa 38,000,000 na kodi 3,800,000. Laiti angejitokeza bila karatasi yoyote, angetozwa 1,800,000.

Jibu lake linapaswa kuanzia kwenye shilingi 26,000,000 zilizokataliwa, kipengele kimoja kimoja, kwa jedwali linaloonesha tarehe, aliyelipwa, njia ya malipo na namba ya kiambatisho. Umeme na maji ndivyo vyepesi zaidi, kwa kuwa taasisi zilizotoa huduma hubaki na kumbukumbu za maombi na malipo. Ujira wa mafundi ndio mgumu. Hapa hati moja haitoshi: mkataba na fundi mkuu unaonesha kazi iliyokubaliwa, taarifa ya benki au ya simu inaonesha fedha zilizotoka, na kibali cha ujenzi pamoja na picha vinaonesha kwamba kazi ilifanyika katika kipindi hicho. Kiapo cha fundi kinaweza kuunganisha hati hizo, lakini kikisimama peke yake ni dhaifu. Matofali aliyofyatua mwenyewe, au siku alizofanya kazi pamoja na ndugu zake bila malipo, haviingii, kwa sababu hakuna matumizi yaliyofanyika. Kuni na vibarua waliolipwa kwa kuyachoma vinaingia.

Makosa mawili hujitokeza kwa urahisi. La kwanza ni kuwasilisha taarifa ya uthamini kama ushahidi wa gharama. Mthamini hueleza jengo lina thamani gani, si mwenye jengo alitumia kiasi gani. La pili ni kudai ukarabati ambao tayari ulikwisha kuondolewa katika mapato ya miaka iliyopita; matumizi yaliyokwisha kuondolewa hayahesabiwi tena kama gharama ya mali.

Mkataba wa mwaka 2009 nao una matatizo yake. Kama haukulipiwa ushuru wa stempu, haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe. Aidha, unaitaja Bariadi kuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, na Mwamapalala kuwa ndani ya wilaya hiyo, ilhali mkoa wa Simiyu na wilaya ya Itilima vilianzishwa mwaka 2012. Sentensi moja katika jibu, ikiambatana na namba ya kiwanja, inatosha kuonesha kwamba ni mali ileile na mtu yuleyule.

Pingamizi huwasilishwa kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu kupokea taarifa, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura ya 438. Huambatana na malipo ya kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea ipi ni kubwa. Hapa ni theluthi, yaani shilingi 1,266,667, kwa kuwa inazidi 1,200,000. Asiyemudu huomba kupunguziwa au kusamehewa amana hiyo ndani ya siku 15, na muda huo mfupi ndio unaosahaulika. Mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi uko kwa mlipakodi hata mbele ya Bodi ya Rufani za Kodi.

Tuseme ushahidi mpya unakubaliwa kwa shilingi 4,000,000 za umeme na maji, 12,000,000 za ujira na 4,000,000 za vifaa. Gharama inapanda hadi 42,000,000, na kodi inakuwa 1,800,000: sawasawa na ya mtu asiyetunza chochote.

Kwa maoni ya makala hii, tatizo liko katika maneno ya sheria. Yanamzungumzia asiye na kumbukumbu, wala hayamtaji mwenye kumbukumbu pungufu, ambaye ndiye wa kawaida zaidi. Kuficha mkataba ili kuingia katika asilimia 3 ni kutoa maelezo ya uongo kwa Kamishna. Kwa hiyo anayesema kweli ndiye anayebebeshwa tofauti hiyo. Ingefaa asilimia 3 iwe ukomo wa juu kwa kila mkazi anayeuza ardhi au jengo. Sharti la kutunza kumbukumbu kwa miaka mitano nalo halilingani na majengo yanayouzwa baada ya miaka kumi na mitano, na gharama za zamani huhesabiwa kwa shilingi za wakati ule bila kurekebishwa kwa mfumuko wa bei.

Muuzaji wa hisa hana njia ya asilimia 3. Asipokuwa na hati ya bei aliyonunulia, kinachobaki ni asilimia 10 ya faida kama itakavyokadiriwa.