Kuumwa na Buibui Hakutoshi

Batman alipotokea kwa mara ya kwanza, katika jarida la Detective Comics la Mei 1939, hakuwa na historia yoyote. Wasomaji waliambiwa tu kwamba kijana mmoja tajiri, Bruce Wayne, huvaa kinyago chenye masikio ya popo usiku na kuwashughulikia majambazi. Ilipita miezi sita ndipo waandishi walipotenga kurasa mbili kueleza ilikuwaje. Mtoto anatoka sinema na wazazi wake, jambazi anawaua mbele ya macho yake, mtoto anaapa, anakua huku akijifua mwili na akili, kisha popo anaingia dirishani. Kurasa mbili, basi. Zaidi ya miaka 80 baadaye, watu ambao hawajawahi kushika jarida la katuni wanakijua kisa hicho, na Hollywood imekirudia mara nyingi mno.

Chimbuko la namna hii lina kazi mahususi: kujibu maswali matatu ambayo msomaji atauliza tu. Nguvu kazipata wapi? Kwa nini anahangaikia watu asiowajua? Na kwa nini anaficha uso? Swali la kwanza ndilo jepesi kuliko yote. Mionzi, sayari ya mbali, ajali ya maabara, chochote kitafaa, kwani msomaji amekubali kudanganywa tangu alipoliona jalada. Stan Lee, mwandishi wa Marvel, alikiri baadaye kwamba alichoka kubuni ajali, na ndiyo maana mwaka 1963 mashujaa wa X-Men walizaliwa nazo tu nguvu zao. Hakuna aliyelalamika.

Swali la pili ndilo gumu, na hapo ndipo visa vinapoanza kufanana. Katika jarida lenye kurasa chache, lililouzwa senti 10 au 12 kwa watoto wa Marekani, hakukuwa na nafasi ya kumwonyesha mtu akibadilika polepole. Kifo cha mzazi kinamaliza kazi kwa ukurasa mmoja. Kinampa shujaa sababu ambayo hata mtoto wa miaka minane ataielewa, na tena, jambo ambalo wachambuzi hawalitaji sana, kinamwondoa mtu ambaye angeuliza usiku wa manane, "Ulikuwa wapi?" Mayatima wamejaa katika hadithi hizi kwa sababu mtu mwenye mama macho hawezi kushinda juu ya mapaa hadi alfajiri.

Kuna wanaoeleza kufanana huku kwa kurudi mbali zaidi. Joseph Campbell, katika kitabu chake cha 1949 kuhusu shujaa wa visasili, alidai kwamba mataifa yote husimulia safari moja ya shujaa. Ni kweli Superman aliyerushwa angani akiwa mchanga anafanana na Musa aliyewekwa kwenye kisafina, na anafanana pia na Mwindo wa Wanyanga wa mashariki ya Kongo, ambaye baba yake alimfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Lakini Mwindo alizaliwa akiwa tayari anatembea na kusema, na msimulizi hakuwa na haja ya kueleza zaidi. Shujaa wa katuni ni mtu wa mjini, ana kodi ya nyumba, na kila mwezi kuna mnunuzi mpya asiyemjua. Kila toleo lilipaswa kumpokea mgeni huyo. Ni kama kibanda umiza: anayeingia filamu imefika katikati huuliza stelingi ni yupi na ana kisa gani, na jirani yake lazima amjibu kwa sentensi moja, maana ngumi zinaendelea. Kisa kisichoweza kusimuliwa kwa sentensi moja kilikufa sokoni, na vilivyosalia vikafanana.

Sasa tuchukue kisa kimoja kilichovunja utaratibu huo, kisha chenyewe kikageuka kuwa utaratibu. Agosti 1962, Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walichapisha kurasa 11 katika jarida la Amazing Fantasy, toleo la 15, ambalo ndilo lilikuwa la mwisho. Peter Parker ni yatima tayari kabla kisa hakijaanza. Analelewa na Mjomba Ben na Shangazi May, na uyatima wake haumsukumi popote. Katika maonyesho ya sayansi anaumwa na buibui aliyepigwa na mionzi, naye anagundua anaweza kukwea kuta. Je, anakwenda kuokoa watu? Hapana. Anakwenda ulingoni kupigana mieleka apate dola 100, kisha anaingia kwenye televisheni. Ana nguvu, ana vazi, ana jina, na si shujaa hata kidogo.

Usiku mmoja, kwenye jengo la studio, mwizi anampita akikimbilia lifti huku askari akipiga kelele azuiwe. Peter anamwacha aende. Askari anamfokea, naye anajibu kwamba tangu sasa anajijali mwenyewe tu. Siku kadhaa zinapita. Anarudi nyumbani anakuta polisi: mjomba ameuawa na mwizi. Anamfuata muuaji hadi kwenye ghala, anamkamata, anamtazama usoni, na ni yule yule.

Ubora wa kisa hiki uko katika mpangilio wake. Batman alipata jeraha kwanza, uwezo baadaye. Peter alipata uwezo kwanza, na kati ya uwezo na ushujaa kuna pengo ambamo alijionyesha ni mtu wa aina gani. Halafu jeraha lenyewe lina alama za vidole vyake. Bruce Wayne anaweza kumlaumu jambazi maisha yake yote, ilhali Peter, hata muuaji akifungwa, hajamaliza chochote. Na angalia jinsi kosa lilivyo dogo. Hakuwa na kinyongo na askari, wala hakudhulumiwa na mtu siku hiyo. Hakujali tu, kama sisi sote tunavyofanya kituoni tukiona mwenzetu anachomolewa simu. Yale maneno mashuhuri kuhusu uwezo na wajibu, ambayo watu huapa kuwa ni ya Mjomba Ben, katika jarida la 1962 yameandikwa na msimulizi kwenye picha ya mwisho. Ben hakuwa mhubiri.

Ukitaka kujua kisa kimejengwa vizuri, tazama kinavyoharibika kikiguswa. Filamu ya 2002 ya Sam Raimi ilibadili jambo moja: promota wa mieleka anamlipa Peter dola 100 badala ya 3,000, kisha mwizi anamwibia promota huyo huyo. Peter akimwachia mwizi apite, ukumbi mzima unacheka, kwani promota kavuna alichopanda. Inaeleweka kwa nini Raimi alifanya hivyo. Mtazamaji anashirikishwa kosa, kisha anatozwa gharama yake. Ni mabadiliko ya fundi. Lakini katika filamu yake ya tatu, ya 2007, tunaambiwa kwamba aliyempiga risasi Ben alikuwa mtu mwingine, Sandman, na kwamba risasi ilifyatuka kwa bahati mbaya. Mara moja uzi unaounganisha lifti na maiti unalegea. Kosa la Peter linabaki kuwa tukio la pembeni katika uhalifu wa wengine.

Waliofuata waliharibu upande wa pili. Filamu za 2012 na 2014 zilileta siri ya baba mzazi, mwanasayansi, na mwishowe tukaelezwa kwamba buibui wale walitengenezwa kwa vinasaba vyake mwenyewe, hivyo ni mwanawe tu angeweza kunufaika. Buibui wa Ditko angeweza kumuuma yeyote aliyesimama pale, na hapo ndipo mvulana asiye na ukoo wa maana alipopata nafasi. Buibui wa 2014 anatafuta mrithi. Hii ndiyo hitilafu ya kawaida ya visa vinavyorudiwa mno: mwandishi, akitafuta jambo jipya la kusema, anafunga kila ncha iliyokuwa wazi, mpaka bahati inatoweka duniani. Filamu ya Batman ya 1989 ilifanya vivyo hivyo kwa kumgeuza Joker kuwa ndiye aliyewaua wazazi wa Bruce. Kisasi kikishalipwa, sijui kwa nini mtu huyo aendelee kutoka usiku.

Kufikia 2017 Marvel walielewa kwamba hakuna mtu duniani anayehitaji kuonyeshwa tena buibui akiuma. Wakaruka yote. Peter wa Homecoming ni mwanafunzi anayefurahia vazi alilopewa na tajiri, na kwa filamu tatu wengi walilalamika kwamba hana uzito. Kisha mwishoni mwa 2021, katika No Way Home, Shangazi May anakufa kwa sababu ya uamuzi wa Peter, ni yeye anayetamka yale maneno, na Peter anabaki peke yake chumbani na vazi la kujishonea. Chimbuko lilikuwa linaendelea muda wote huo, nasi tulidhani limerukwa.

Walioenda mbali zaidi ni wale wa filamu za vibonzo za Miles Morales. Miles, mvulana wa Brooklyn, alibuniwa mwaka 2011 na Brian Michael Bendis na mchoraji Sara Pichelli. Katika filamu ya 2018 wazazi wake wote wawili wako hai: baba askari, mama muuguzi. Mjomba anayempenda, Aaron, ni mhalifu, na anakufa kwa kukataa kumpiga mpwa wake. Wakati huohuo Spider-Man wa kila ulimwengu anajitambulisha kwa maelezo yale yale, haraka haraka, na watazamaji wanacheka kwa kuwa wanayajua kwa moyo. Mzaha huo una faida: umewapa waandishi dakika za kumchunguza Miles anayeshindwa hata kudhibiti vidole vyake.

Filamu iliyofuata, ya 2023, ikaugeuza mzaha kuwa adui. Miguel O'Hara, kiongozi wa Spider-Man wote, anamweleza Miles kwamba kila mmoja wao lazima afiwe na kapteni wa polisi aliye karibu naye, na kwamba anayezuia kifo hicho anabomoa ulimwengu wake. Baba yake Miles yu karibu kupandishwa cheo kuwa kapteni. Mamia ya mashujaa wamesimama pale, kila mmoja na msiba wake, wakimtaka kijana akubali. Kwa maneno mengine, utaratibu wa kisimulizi umepewa mdomo na unadai damu, kwa hoja ile ile ya waandishi wa 1939: bila kifo hakuna shujaa. Miles anakataa na kukimbia.

Anatua katika ulimwengu usio wake, ule alikotoka buibui aliyemuuma. Huko baba yake amekwisha kufa, kama utaratibu ungetaka. Anakutana na Miles wa huko, mwenye jeraha kamili la kishujaa lakini asiyeumwa na buibui yeyote, akilelewa na Aaron aliye hai. Amekuwa jambazi.